Taa tatu, uso mmoja: anza na kivuli cha pua

Wakuu, kuna kitu huwa kinanikera nikiangalia filamu fupi za watu wanaoanza. Unakuta mtu ana taa tatu nzuri tu, kaziweka kama mchoro unavyosema, moja kulia, moja kushoto, moja nyuma, zote kaziwasha kwa mpigo, na uso unaonekana vizuri kabisa, hakuna anayelalamika, ila umekaa kama picha ya pasipoti. Bapa. Mhusika kafiwa, mhusika kapata mtoto, uso ni uleule. Halafu jamaa anaanza kusogeza taa huku na huku, anaongeza hii anapunguza ile, na kwa vile zote zinawaka hajui ipi imefanya nini, mwisho anachoka anasema basi tushuti tu.

Mi nitaelezea uso mmoja, kwenye sini moja, taa moja baada ya nyingine, kwa sababu ukishaelewa uso mmoja hizo nyingine utazipata mwenyewe. Sini yenyewe ni hii: usiku, mwanaume kakaa mezani peke yake, ametoka kupokea simu yenye habari mbaya. Kamera inamwona kuanzia kifuani kwenda juu, na yeye haangalii lenzi, anaangalia pembeni kidogo kulia kwa kamera. Chumba cha kawaida, mita 4 kwa 5. Vifaa ni taa moja kubwa ya LED yenye softiboksi ya sentimita 90, taa ndogo moja ya LED, na bodi nyeupe kubwa, hata boksi la friji lililobandikwa karatasi nyeupe linafaa. Ndio, taa ni mbili. Hiyo ya tatu mara nyingi wala sio taa, tutafika huko.

Majina tuyamalize haraka. Taa kuu ndo inayochora uso, kwenye seti utasikia watu wanaiita kii. Taa ya kujazia, yaani fili, inaamua kivuli kiwe cheusi kiasi gani. Taa ya nyuma, bekilaiti, inapiga bega na nywele kutokea nyuma ili mtu asimezwe na ukuta.

Kabla ya kuwasha chochote

Mkalishe mtu wako mbali na ukuta wa nyuma, angalau mita 2. Hili watu wanalipuuza sana, wanamweka mtu kagusa ukuta kabisa halafu wanashangaa kwa nini kivuli cha kichwa kimeganda nyuma yake kama bango. Ukiwa na hizo mita 2, taa ya uso ni ya uso na taa ya ukuta ni ya ukuta, unaweza kugusa moja bila kuvuruga nyingine.

Kamera iondoe kwenye oto, kila kitu. Mi hapa naanzia fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, ISO 800, f/4, na rangi ya mwanga 5600K kwa sababu LED zangu ni za mchana. Ukiacha oto, kamera itakuwa inabishana na wewe muda wote, unapunguza mwanga yenyewe inaongeza, unabaki kudhani taa haifanyi kazi.

Sasa funga mapazia, zima taa ya darini, zima kila kitu, halafu angalia monita. Inatakiwa iwe nyeusi au karibu na nyeusi. Kama bado unamwona mtu wako vizuri basi kuna mwanga mwingine chumbani ambao hujaupangia kazi, labda dirisha, labda taa ya koridoni, na huo utakuharibia kila kitu mbele ya safari, hasa kwenye hatua ya kujazia.

Taa kuu: tumia tochi ya simu kwanza

Hapa kuna kamchezo kadogo ambako mi nakafanya hadi leo. Kabla hujabeba stendi nzito, chukua tochi ya simu, simama mbele ya mtu wako gizani, umbali wa mkono mmoja na nusu hivi, halafu umulike uso wake huku msaidizi anaangalia monita, au jirekodi tu uangalie baadaye. Usiangalie mwanga, we angalia kivuli cha pua.

Anzia juu ya lenzi, katikati kabisa. Kivuli cha pua kinaanguka chini moja kwa moja, kidogo, katikati ya pua na mdomo, na mashavu yote mawili yamepata sawa. Uso unapendeza, mikunjo inapungua, hiyo ni nuru ya matangazo ya vipodozi. Kwa mtu aliyepokea habari mbaya haifai, inamfanya aonekane yuko studio.

Haya, zunguka taratibu kwenda pembeni, bila kushuka. Kivuli cha pua kinaanza kuinama, kinalalia shavu la upande wa pili kama kitanzi kidogo. Ukifika kama digrii 30 hivi una uso wa kawaida wa mazungumzo, wenye umbo lakini hauna drama. Endelea mpaka digrii 45 au 50 na inua mkono juu kidogo, utaona kile kivuli cha pua kinakwenda kukutana na kivuli cha shavu, na katikati yao, chini ya jicho la upande wa giza, kinabaki kipande cha mwanga cha pembetatu. Hiyo pembetatu imepewa jina la Rembrandt, yule mchoraji Mholanzi aliyeishi 1606 hadi 1669, kwa vile nyuso zake nyingi zina mwanga wa namna hiyo. Ikikaa vizuri haizidi upana wa jicho wala haishuki kupita urefu wa pua. Ikiwa kubwa kuliko hapo bado hujafika pembeni vya kutosha, na ikipotea umepitiliza, unaelekea kwenye nusu uso mweupe nusu uso giza.

Kwa sini yetu tunasimama hapohapo kwenye pembetatu. Mtu ana huzuni lakini tunataka jicho lake la pili bado lipumue.

Urefu wa taa unaupima kwa macho ya mtu wako. Angalia ndani ya mboni, kuna nukta ya mwanga inayometa, hiyo ni taa yako inajiona humo. Chukulia jicho ni uso wa saa ya ukutani, nukta ikae kwenye namba 10 au namba 2. Ukiiona nukta iko hapo juu lakini haijafunikwa na kope, urefu uko sawa. Ukiinua taa zaidi nukta inapotea na matundu ya macho yanageuka mashimo meusi, mtu anaonekana hana roho. Kuna waliofanya hivyo makusudi na ikawa kazi ya kukumbukwa, mpigapicha wa filamu Gordon Willis kwenye The Godfather ya 1972 alimwekea Marlon Brando mwanga kutoka juu hadi macho yake yakawa hayaonekani vizuri, na ndo maana huwezi kujua yule mzee anawaza nini. Lakini yule alitaka kuficha macho. Sisi mtu wetu tunataka tuone anavyolia kimoyomoyo, kwa hiyo nukta ibaki.

Upande gani? Hapa ndo pa kuwa makini

Mtu wetu anaangalia kulia kwa kamera. Maana yake shavu moja liko karibu na kamera, pana, linaonekana lote, na lile jingine limegeukia kule anakoangalia, linaonekana jembamba. Taa kuu unaweza kuiweka upande wowote kati ya hizo mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko kubadilisha lenzi.

Ukiiweka upande wa kamera, lile shavu pana linajaa mwanga, uso unapanuka, unakuwa wazi, wa kirafiki. Ukiiweka upande anakoangalia, mwanga unapiga lile shavu jembamba na kivuli kinakuja upande wetu, upande wa kamera. Uso unapungua upana, mfupa wa shavu unatokeza, na mtazamaji anahisi kama amekaa gizani anamchungulia mtu. Waangalie wapigapicha wa filamu kwenye mazungumzo ya sini nzito, wengi wao hapo ndo wanapoweka taa kuu, na inaonekana pia kama kitu cha kweli kwa sababu mtu hugeukia mwanga, dirisha au taa ya mezani.

Basi kwa mtu wetu, taa kuu inakwenda kulia, ule upande anaouangalia. Na kwenye fremu au nje kidogo ya fremu upande huohuo weka hata kataa ka mezani kanakowaka, ili macho ya mtazamaji yaamini mwanga unatokea pale. Kenyewe hakamuliki chochote cha maana, kako pale kutoa sababu tu.

Umbali

Softiboksi yangu naiweka mita 1.2 kutoka usoni. Watu wengi wanaogopa kuisogeza karibu hivyo, wanaiacha mita 3 kwa sababu hawataki itokee kwenye fremu. Isogeze hadi itokee kwenye fremu, halafu irudishe nje kidogo tu.

Sababu ya kwanza ni ulaini. Mwanga ni laini pale taa inapokuwa kubwa ukilinganisha na umbali wake, sio kubwa kwa vipimo vyake. Softiboksi ya sentimita 90 ikiwa karibu, uso unaiona kama dirisha, mwanga unazunguka shavu na ukingo wa kivuli unayeyuka polepole. Ipeleke mita 3, softiboksi ileile inakuwa kama sahani ukutani, na kivuli cha pua kinaanza kuwa na ukingo unaoonekana. Hujabadilisha taa, umebadilisha umbali.

Sababu ya pili ni ukuta wa nyuma. Mwanga ukienda umbali mara mbili unabaki robo, yaani unashuka stopu mbili, maana kila stopu ni kukata mwanga nusu. Sasa piga hesabu: taa iko mita 1.2 kutoka usoni, ukuta uko mita 2 nyuma ya mtu, kwa hiyo kutoka taa hadi ukuta ni kama mita 3.2. Ukuta unapata mwanga karibu mara saba chini ya uso, kama stopu tatu hivi. Unazama gizani wenyewe bila kuzuia chochote. Rudisha taa mita 3 na ukuta unakuwa mita 5 kutoka kwenye taa, tofauti inabaki kama stopu moja na nusu tu, na ukuta unaanza kung'aa nyuma ya mtu wako utadhani ofisi. Hizi namba ni za makadirio, softiboksi iliyo karibu haifuati hesabu hiyo kwa usahihi wote, lakini jicho lako litaiona tofauti papo hapo.

Ila kuna gharama. Taa ikiwa karibu, mtu akisogea kidogo mwanga unaruka. Kwenye mita 1.2, akiinama sentimita 40 kuelekea taa anapata zaidi ya mara mbili ya mwanga, zaidi ya stopu moja, paji la uso linaungua. Mi ilinitokea kwenye sini ya mama mmoja aliyekuwa anatakiwa akae tu, sasa kwenye teki nzuri kuliko zote akainama kuchukua kitambaa machozi yakimtoka, na pale pale paji likawa karatasi nyeupe. Teki nzuri, haitumiki. Tangu siku hiyo mtu akiniambia mhusika atakaa tu hatasogea, namwambia hebu mwambie ainame nione. Kama kweli atasogea, rudisha taa mita 2 na utafute softiboksi kubwa zaidi, sentimita 40 zilezile sasa zinakuwa kama theluthi mbili za stopu, inavumilika.

Taa ya nyuma, kabla ya kujazia

Miongozo mingi itakwambia kuu, kujazia, halafu nyuma. Mi nafanya ya nyuma kabla ya kujazia, na sababu ni ya kimatendo: taa ya nyuma inapiga pia meza, karatasi, shati, na vyote hivyo vinarudisha mwanga kwenye uso kutokea chini. Yaani tayari inakujazia bila kukuuliza. Ukishapanga kujazia kwanza halafu ukawasha ya nyuma, kivuli ulichokipenda kinaharibika unarudi mwanzo.

Zima taa kuu. Ndio, izime kabisa, uone taa hii peke yake. Iweke nyuma ya mtu, upande wa kushoto wa kamera, yaani mkabala na taa kuu, juu ya kichwa chake kama mita moja, ikiinama kumlenga. Unachotaka kuona gizani ni mstari mwembamba unaopita begani, ukapanda shingoni, ukapitia sikio na ukingo wa nywele. Basi. Ukiona ncha ya pua imepata mwanga umeiinua sana au umeileta mbele mno, irudishe nyuma. Pua inayong'aa kutokea nyuma ndo ile alama inayosema hapa kuna mtu wa taa kajichanganya.

Kwa nini mkabala? Kwa sababu upande wa kushoto ndo wenye kivuli, shavu na bega zinaingia gizani na ukuta nao uko gizani, giza juu ya giza, mtu anayeyuka. Ule mstari ndo unaomkata kutoka ukutani. Upande wa kulia hauhitaji, tayari taa kuu imeuchora.

Nguvu yake ianze chini ya taa kuu, ipandishe polepole. Nywele nyeusi zinanyonya mwanga, saa nyingine itabidi uwe sawa na taa kuu ndo zionekane, ila mwenye upara au mvi mpunguzie mpaka nusu au chini zaidi kwa sababu kichwa kitawaka kama balbu. Kwa sini ya huzuni mi napenda mstari uonekane kwa tabu, mtazamaji asiujue. Mstari mweupe unaowaka ni wa video za muziki, kwenye chumba cha usiku unauliza swali, mwanga huo unatoka wapi?

Na kitu kimoja cha kukagua hapa. Taa ya nyuma inaangalia upande wa kamera, kwa hiyo inaweza kuingia kwenye lenzi na kuifanya picha nzima iwe na ukungu mweupe, weusi wako unakuwa kijivu. Unajuaje? Weka kiganja juu ya lenzi kama mtu anayekinga jua, bila kuingia kwenye fremu. Picha ikiwa nzito zaidi ghafla, weusi ukarudi, basi mwanga ulikuwa unaingia. Kata kwa kipande cha kadibodi nyeusi kati ya taa na lenzi. Na stendi hiyo ifunge mfuko wa mchanga miguuni, iko juu ya kichwa cha mtu.

Kujazia: hapa ndo hisia inapoamuliwa

Washa zote mbili sasa, kuu na ya nyuma, na uangalie shavu la giza. Usikimbilie kuongeza chochote. Kaa nalo kidogo. Jiulize, je, nataka kuona jicho la upande huo? Kwa kiasi gani? Hilo ndo swali pekee la kujazia, na watu wengi hawaliulizi, wanawasha taa ya pili ya mbele kwa sababu mchoro una taa tatu.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuweka taa ya kujazia upande wa pili kabisa, digrii 45 kushoto kama taa kuu ilivyo kulia, nguvu karibu sawa. Matokeo yake pua inapata vivuli viwili, kimoja kila upande, kama mabawa ya nzi. Ukiiona hiyo jua umeweka taa kuu mbili zinazogombana. Na ukiipeleka pembeni zaidi, digrii 90, inamulika sikio na taya huku katikati ya uso, kati ya pua na shavu, kunabaki mstari mweusi ambao hakuna taa inayoufikia. Kujazia kukae karibu na lenzi, upande wa kivuli kidogo, tena kuwe kupana, ili kusitengeneze kivuli chake chenyewe. Ndo maana nasema bodi nyeupe mara nyingi inatosha na inazidi taa. Isimamishe kushoto mbele ya mtu, taa kuu inaipiga, yenyewe inarudisha kidogo. Sogeza karibu kivuli kinafunguka, rudisha nyuma kinafunga. Hiyo ndo dima yako.

Usiiweke chini ya kidevu ikaangalia juu, labda kama mtu wako ni mzimu.

Kupima, kama huna mita ya mwanga tumia kamera yako. Washa Zebra, ile mistari ya kwenye monita inayoonyesha sehemu zilizofika kiwango fulani cha mwanga, na ukiwa kwenye f/4 shusha namba ya Zebra mpaka mistari ianze tu kugusa shavu lenye mwanga. Iache hapo. Sasa fungua lenzi taratibu, 2.8, halafu 2, mpaka mistari iguse shavu la giza. Ikigusa kwenye 2.8 tofauti ni stopu moja, yaani upande wa mwanga una mara mbili ya upande wa kivuli, 2:1. Ikigusa kwenye f/2 ni stopu mbili, 4:1. Lenzi yako ikigoma kufunguka zaidi ya hapo panda ISO, kutoka 800 kwenda 1600 ni stopu nyingine moja. Ukimaliza rudisha kila kitu mahali pake, mi nimewahi kusahau nikashuti teki mbili kwenye ISO 1600 huku nashangaa mbona leo chumba kinapendeza.

Kwenye 2:1 uso una umbo lakini uko salama, unafaa kwa mtu anayeeleza jambo, kwa ucheshi, kwa familia mezani. Kwenye 4:1 kivuli kinaanza kusema, bado unaliona jicho la gizani lakini unalitafuta kidogo. Kwenye 8:1, stopu tatu, ule upande umekwenda, inabaki nukta ya jicho na ile pembetatu. Kwa mtu wetu niliweka 4:1 kabla hajapokea simu na nikarudisha bodi nyuma mpaka karibu 8:1 baada ya simu. Kamera haikusogea, taa kuu haikusogea. Waliotazama walisema sijui umebadilisha lenzi, wengine wakasema jamaa kaigiza vizuri zaidi kipande cha pili. Sawa, kaigiza vizuri, lakini na bodi nayo ilitembea mita moja na nusu.

Kama kivuli hakitaki kufunga

Nilishawahi kushutia kwenye chumba chenye kuta nyeupe pande zote na dari nyeupe ya chini. Bodi nimeiondoa, fili sina, na bado nikipima napata 2:1. Nikazima hiki, nikapunguza kile, uso uko vilevile, laini, mchangamfu, kwenye sini ya msiba. Nusu saa nzima nalaumu taa. Kumbe ni ukuta wa kushoto, ulikuwa mita moja tu kutoka kwa mwigizaji, taa kuu inaupiga na wenyewe unarudisha mwanga kama bodi kubwa ya mita tatu.

Dawa yake ni kitambaa cheusi. Shuka jeusi, pazia nene jeusi, chochote kisichong'aa, kitundike upande wa kivuli karibu na uso kadri fremu inavyoruhusu, sentimita 50 au 60. Papo hapo shavu linazama. Hiyo nayo ni kazi ya kujazia, ila kwa kunyima, na kwenye vyumba vidogo mi naitumia mara nyingi kuliko taa. Hata shati jeupe la msaidizi aliyesimama pembeni linaweza kukuharibia, mwambie arudi nyuma.

Ngozi nyeusi sana

Hapa miongozo mingi inaishia kusema ongeza mwanga, na ndo unaona mtu kapigwa taa ya nguvu mpaka shati lake limeungua na uso umekuwa wa kijivu. Ngozi nyeusi inarudisha mwanga kidogo kwa ujumla wake lakini inang'aa vizuri sana, na umbo la uso linaonekana zaidi kwenye ule mng'ao. Mng'ao ni taswira ya taa yenyewe juu ya ngozi. Kwa hiyo taa ndogo kali inakupa nukta nyeupe za jasho kwenye paji, na taa kubwa iliyo karibu inakupa bati refu la mwanga laini linaloshuka kwenye shavu. Panua taa, usiipandishe nguvu. Izungushe pembeni taratibu na uangalie lile bati likitembea shavuni mpaka likae kwenye mfupa.

Upande wa kivuli vilevile. Badala ya kujazia kwa nguvu, leta bodi kubwa zaidi, hata kama haiongezi mwanga mwingi itaonekana kama mstari mpana kwenye taya na shavu, na uso utakuwa na umbo huku ukibaki mweusi wake halali. Shati liwe la rangi iliyopoa, jeupe pee litakulazimisha uchague kati ya nguo na uso. Na kumpaka mtu poda mpaka mng'ao wote ufe ni kujinyima ulichokuja kukitafuta, futa jasho tu.

Miwani

Mtu wako akivaa miwani utaiona softiboksi nzima imekaa kwenye kioo. Inua taa kuu kidogo, ipeleke pembeni kidogo, na mwambie ainamishe miwani kwa kuinua mikono ya miwani juu ya masikio kwa milimita chache, haitaonekana kwenye kamera. Ikigoma, ondoa bodi kwanza uone, maana mara nyingi mkosaji ni bodi iliyo karibu na lenzi na sio taa kuu.

Kabla hujagusa kitu

Ukishapata uso unaoutaka, usihame hapo bila kuandika. Bandika utepe sakafuni kwenye miguu ya kila stendi na kwenye miguu ya kiti. Andika umbali wa taa kuu hadi pua, urefu wake kutoka sakafuni, asilimia ya dima ya kila taa, na bodi ilikuwa wapi. Maana sini haiishii kwenye uso mmoja, mkigeuza kamera kumwona mtu wa pili taa zote zitabebwa, na mwongozaji saa mbili baadaye atasema turudie ile klozapu ya jamaa, jicho halikukaa vizuri. Pale bila utepe utarudisha taa kwa kukumbuka, pembetatu itakaa sentimita moja pembeni, na mhariri ataiona kabla yako.